Nauza PS4 ya kaka yangu, wanunuzi wananiuliza nisiyoyajua

*Kaka mshauri, shikamoo. Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo aliniachia PS4 yake niiuze, maana ameshanunua PS5. Ni ile nyembamba, boksi limeandikwa 500 GB, ina padi mbili na diski tatu, na ndani kuna gemu kama kumi na mbili alizozinunua mtandaoni. Nilitangaza hivi: "Nauza PS4 Slim iliyotumika, iko poa, imejaa gemu, laki tano na nusu." Wamenipigia watu watatu. Mmoja aliuliza nafasi iliyobaki ni GB ngapi. Wa pili alisema mashine za Uarabuni zimefungwa, hazisomi diski za huku. Wa tatu aliuliza kama akaunti ya mwenyewe imetolewa, nikakosa la kumjibu. Kaka anasema niiache akaunti humo humo kwa sababu gemu ndizo zinazopandisha bei. Nifanye nini, na tangazo niliandikeje?*
*Mdogo wako, Tanga*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na yule wa tatu, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua bei yako na amani yako baada ya kuuza. Akaunti itoke. Najua kaka yako amesema vingine, na mwambie kwa heshima zote kwamba hapo hajakaa sawa, kwa faida yake mwenyewe kabla ya faida ya mnunuzi.

Gemu kumi na mbili zile hazikai kwenye mashine kama vitabu vinavyokaa kabatini. Alichonunua kaka yako ni haki ya kuzicheza, na haki hiyo imeandikwa kwenye akaunti yake. Mashine imebeba nakala tu. Zinafunguka hapo Tanga kwa sababu PS4 hiyo imesajiliwa kuwa mashine kuu ya akaunti yake, ile inayoitwa `Primary PS4`, na kwenye mashine kuu mtu yeyote anaweza kucheza gemu za mwenye akaunti, hata bila intaneti. PS5 aliyonunua haikuvunja usajili huo, kwa kuwa akaunti moja inaruhusiwa kuwa na PS4 kuu na PS5 yake kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kwako kila kitu bado kinaonekana kizima, na ndiyo maana kaka anaamini kwamba gemu zinauzika.

Mwaka juzi mpwa wangu alinunua PS4 ya namna hiyo, "imejaa gemu". Alicheza wiki chache kwa raha zake. Siku moja akaiwasha, akakuta karibu kila gemu imewekewa alama ya kufuli. Muuzaji hakuwa mwizi. Alihisi mtu anaichezea akaunti yake, akaingia mtandaoni, akabadili nenosiri na kuziondoa mashine zote kwenye akaunti. Alikuwa na haki kabisa ya kufanya hivyo. Mpwa wangu alibaki na gemu moja tu, ile iliyokuwa kwenye diski, na fedha aliyolipia gemu nyingine tisa ikapotea. Walirushiana maneno kwenye simu mpaka wakazuiana namba. Sitaki wewe na mnunuzi wako mfike huko.

Upande wa kaka yako una hatari zaidi. Kama aliwahi kuhifadhi kadi ya benki kwenye akaunti, na wengi huhifadhi, basi mgeni mwenye padi mkononi anaweza kununua kitu dukani kwa kubofya mara chache. Ataona majina ya marafiki zake na ujumbe wao. Akichezea wizi mtandaoni, adhabu itaiangukia akaunti ya kaka, ile ile anayoitumia sasa kwenye PS5. Na akaunti yenyewe, kwa masharti aliyoyakubali siku anaifungua, hairuhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo hizo gemu kumi na mbili zitoe kabisa kwenye hesabu ya bei. Kinachouzika ni mashine, padi, nyaya na zile diski tatu. Diski ni mali. Anayeishika ndiye anayeicheza.

Sasa kazi yenyewe. Fuata mpangilio huu, maana wengi hukosea hapa: wanafuta mashine kwanza, halafu wanakumbuka kwamba bado haijaondolewa kwenye akaunti.

Mpigie kaka awe karibu na simu yake ya Muscat. Unganisha PS4 na intaneti ya simu yako au ya nyumbani, ingia kwa jina lake, kisha nenda `Settings`, halafu `Account Management`, halafu `Activate as Your Primary PS4`. Utaona neno `Deactivate`. Libofye. Ikiuliza nenosiri, aliingize mwenyewe kwa kukutajia. Na kama ameweka ulinzi wa hatua mbili, ile namba ya siri itatumwa kwenye simu yake kule, ndiyo sababu nimesema awe karibu. Kabla hujaendelea muulize kama ana michezo aliyoifikisha mbali na anataka kuendelea nayo. Kama anayo, inakiliwe kwenye flashi kupitia `Application Saved Data Management`. Akisema hana haja nayo, endelea.

Kama PS4 haitaki kuingia kwenye akaunti, kaka anaweza kuiondoa akiwa kule kule Muscat, kwa kuingia kwenye akaunti yake kupitia kompyuta au simu na kwenda kwenye orodha ya vifaa vyake. Lakini njia hiyo inaondoa mashine zote za aina hiyo kwa mpigo, na inakubali mara moja tu ndani ya miezi 6. Kwa hiyo iwe akiba, mjaribu kwanza ile ya kwenye mashine yenyewe.

Baada ya hapo ndipo unafuta. Nenda `Settings`, `Initialization`, `Initialize PS4`. Utapewa njia mbili, `Quick` na `Full`. Ya haraka inachukua dakika chache lakini inaacha mabaki ambayo fundi mwenye programu sahihi anaweza kuyafufua. Chagua `Full`. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa, na umeme usikatike katikati. Wewe unajua mtaa wenu umeme unakatika saa ngapi. Kama una rafiki mwenye jenereta au inveta, ipeleke kwake. Ikitokea umekatika, usiogope kwamba imekufa. Iache izime kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, baada ya kama sekunde 7. Itafungua ukurasa mweusi wenye orodha fupi. Hapo unganisha padi kwa waya, kwa kuwa bila waya haitasikika, kisha chagua `Initialize PS4` uanze upya.

Utajuaje kwamba imekwisha vizuri? Mashine itawaka kama siku ilipotoka dukani: itakuomba uunganishe padi, kisha uchague lugha. Simama hapo hapo. Piga picha ya skrini ya televisheni ikionyesha ukurasa huo wa lugha, ndiyo picha itakayomjibu yule wa tatu kuliko maelezo yoyote. Ila kumbuka, kabla hujafuta kabisa unahitaji picha nyingine mbili, ambazo nakuja nazo sasa.

Ya kwanza ni ya nafasi. Nenda `Settings`, kisha `Storage`. Usishangae ukikuta mashine ya 500 GB inakuonyesha kama 400 na kidogo. Mashine haijaibiwa kitu. Sehemu ya diski ya ndani imeshikwa na mfumo wenyewe, na sehemu nyingine inapotea kwenye namna kiwanda kinavyohesabu GB na namna mashine inavyozihesabu. Mnunuzi asiyeelewa hili atadhani umemdanganya, kwa hiyo andika namba zote mbili: ile ya kwenye boksi na ile ya kwenye skrini. Namba ya skrini ina kazi nyingine pia. Diski ya ndani ya PS4 nyembamba inabadilishwa kwa urahisi, ipo nyuma ya kifuniko kidogo pembeni, imeshikwa na skrubu moja. Kwa hiyo boksi si ushahidi. Mashine iliyopita kwa fundi inaweza kuwa na ndogo kuliko ya boksi, au kubwa zaidi. Muulize kaka, kisha amini skrini.

Yule aliyeuliza nafasi iliyobaki aliuliza swali la maana, ila jibu lake linabadilika ukishafuta: itabaki nafasi yote. Mwambie inatosha nini. Gemu za mpira za miaka ya karibuni huchukua kati ya GB 40 na 50, kwa hiyo zitaingia kama nane hivi, na zile kubwa za vita zitapunguza idadi hiyo haraka. Umweleze na hili, kwa sababu watu wengi hawalijui: gemu ya diski nayo inajinakili ndani ya mashine kabla ya kuchezwa. Diski haiokoi nafasi. Akitaka zaidi baadaye, PS4 inapokea diski ya nje ya USB 3.0 kuanzia GB 250.

Picha ya pili ni ya `System Information`, iliyo ndani ya `Settings`, `System`. Inaonyesha toleo la programu ya mashine. Wanunuzi wanaojua mambo hulitafuta, na wewe huna sababu ya kulificha. Iambatanishe na picha ya kibandiko cha chini ya mashine chenye namba ya modeli inayoanza na `CUH`. Namba ya utambulisho wa mashine, ile ndefu, izibe kwa kidole unapopiga. Atakayekuja ataiona kwa macho yake.

Sasa yule wa pili, wa "mashine za Uarabuni zimefungwa". Amechanganya mambo mawili ambayo yote yapo kweli, na inafaa uyatenganishe vizuri kwa sababu utaulizwa tena.

Diski za gemu za PS4 hazina kufuli la nchi. Diski ya Ulaya, ya Marekani au ya Uarabuni itacheza kwenye mashine yako bila tatizo. Kinachofungwa kwa nchi ni filamu na akaunti. Upande wa filamu, Blu-ray za Oman na za kwetu ziko kundi moja, kundi B, pamoja na Ulaya, kwa hiyo za Marekani za kundi A ndizo zitakazokataa. DVD zina hesabu nyingine: Oman iko kanda ya 2, Tanzania kanda ya 5. Mnunuzi mwenye DVD halisi za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika anaweza kukuta zinakataliwa. Ni wachache watakaojali siku hizi, lakini sentensi moja kwenye tangazo inamaliza ubishi.

Upande wa akaunti ndipo watu wanapoumia. Nchi unayoichagua siku unafungua akaunti haibadilishwi tena, na duka unaloliona ni la nchi hiyo. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi hizo, kwa hiyo wachezaji wengi wa huku wana akaunti za Afrika ya Kusini, za Emirati, za Uingereza au za Marekani. Kadi ya kuongezea fedha lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti; kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Emirati, na ukishaikwangua dukani hairudishwi. Nyongeza za gemu nazo, kama wachezaji wa ziada au ramani mpya, hufuata diski. Mtu mwenye diski ya Ulaya akinunua nyongeza kwa akaunti ya Marekani, gemu haitaitambua ile nyongeza ingawa amelipa. Angalia ubavu wa maboksi ya diski zako tatu, kuna namba inayoanza na `CUSA`. Ziandike kwenye tangazo au zipige picha, na mwenye kujua atajua diski ni za upande gani.

Kwa hiyo mjibu hivi: mashine imetoka Oman, inacheza diski za gemu za nchi yoyote, na akaunti ya Oman haimo tena ndani yake. Atafungua yake.

Zimebaki padi, na hapa nakuomba uwe mkali kwa nafsi yako. Padi mbili si sifa mpaka ujue ni padi za namna gani. Washa mashine, usiguse kitu, tazama ukurasa wa mwanzo kwa dakika moja. Kama uteuzi unatembea wenyewe, kijiti cha kushoto kimechoka. Cha kulia kijaribu ndani ya gemu: kama kamera inazunguka bila kuguswa, nacho kimechoka. Bonyeza kila kitufe kwenye gemu ya mpira, hasa R2, maana ndicho kinachokimbiza mchezaji na ndicho kinachoisha kwanza. Chomeka hedifoni kwenye tundu la padi usikilize kama sauti inatoka. Padi nyingi za bandia huanguka hapo, au kwenye ule ubao wa kugusa wa katikati, unaobofyeka tu lakini hausikii kidole kikitelezeshwa. Kisha zichomoe waya uone kila moja inakaa na chaji muda gani, kwa kucheza kweli, si kwa kukisia.

Tuseme umekuta moja ni orijino na nzima, nyingine si ya kampuni na kijiti chake kinatembea kidogo. Andika hivyo hivyo. Utapunguziwa kidogo kwenye bei, lakini mnunuzi atakuja akiwa ameshaijua kasoro, na hataitumia kukubomolea bei mlangoni baada ya kupanda daladala kutoka Pongwe.

Tangazo lako basi ningeliandika namna hii. Sahihisha namba kwa ulichokiona mwenyewe, hizi nimeziweka kwa mfano:

> Nauza PS4 Slim, 500 GB (skrini inaonyesha takriban 400 zinazotumika, zote ziko wazi). Diski ya ndani haijawahi kubadilishwa, haijafunguliwa na fundi. Ilinunuliwa Oman. Inacheza diski za gemu za nchi yoyote. Filamu za DVD ni kanda ya 2 tu. Akaunti ya mwenye zamani imeondolewa na mashine imefutwa yote, utaanzia kwenye kuchagua lugha, tazama picha ya 4. Haina gemu za ndani. Padi 2: moja orijino, nzima, inakaa na chaji saa 4, ya pili si ya kampuni, kijiti cha kushoto kinatembea kidogo. Kebo ya HDMI, waya wa umeme, boksi. Diski 3, picha ya 5. Bei 470,000. Njoo uijaribu nyumbani Tanga mjini kabla ya kulipa.

Umeona bei imeshuka kutoka laki tano na nusu. Hiyo elfu themanini ilikuwa bei ya gemu zisizouzika. Pengine utaipata nusu yake kwa kuuza haraka, kwa kuwa mtu mwenye majibu yote hana sababu ya kuzunguka wiki mbili akitafuta nyingine.

Siku mnunuzi akija, mashine itakuwa tupu, na yeye atataka kuiona ikifanya kazi. Usimwekee akaunti ya mtu. Mchagulie lugha, tengeneza jina la muda bila kujiunga na mtandao, kisha weka diski moja kati ya zile tatu. PS4 inacheza diski bila akaunti na bila intaneti. Iache inakili, mpe padi, acheze nusu saa. Katika muda huo sikilizeni wote feni: mngurumo unaopanda taratibu ni wa kawaida, lakini kama inapiga kelele kama kikausha nywele ikiwa bado kwenye ukurasa wa mwanzo, ina vumbi na ingepigwa brashi kabla hujaitangaza. Mwonyeshe `Storage` kwa macho yake. Kisha mwache afungue akaunti yake hapo hapo kwa intaneti ya simu yake, kabla fedha haijabadilishana mikono. Hilo lina sababu: mashine ikiwa imewahi kufungiwa na kampuni kwa makosa ya aliyeitumia, haitaingia kwenye mtandao wa PSN kwa akaunti yoyote, hata ukiifuta mara kumi. Ikiingia kwa akaunti yake mpya, hilo nalo limejibiwa.

Mtumie kaka ile picha ya ukurasa wa lugha, naye aangalie kwenye orodha ya vifaa vyake kwamba PS4 haimo tena. Halafu mpigie yule wa tatu kwanza kabla hujabandika tangazo jipya. Aliyeuliza habari za akaunti mapema vile ndiye mnunuzi wako.